Pole fupi siku ya kwanza au ndefu baada ya mazishi? Kumwandikia mfanyakazi mwenzako aliyefiwa na mzazi

Taarifa ya msiba ikifika ofisini, kila mtu hushika simu, na wengi hukwama palepale. Ukiandika mistari miwili unaona kama umemtupia tu. Ukiandika mistari kumi unajiuliza ni nani atakayeisoma yote huku analia. Hapa tunaweka aina mbili za ujumbe bega kwa bega, ule mfupi wa saa za kwanza na ule mrefu kidogo wa baada ya mazishi, ili uone upi unafaa lini. Tutagusa pia ujumbe wa kwenye kundi la kazini, maana ndiko mambo mengi yanakoharibikia.

Tuchukue mfano mmoja na tuende nao hadi mwisho. Mwalimu wa Hesabu katika sekondari moja binafsi mjini Mbeya amepigiwa simu alfajiri: baba yake mzazi amefariki nyumbani, kijijini Ludewa. Ni Mkatoliki. Anafunga begi, anawahi basi la Makambako, kisha Njombe, kisha Ludewa, na kutoka hapo bado kuna njia ya kijijini. Siku nzima atakuwa barabarani, simu mkononi, chaji ikipungua, mtandao ukija na kuondoka kadiri gari linavyopanda na kushuka milima. Wewe ni mwalimu mwenzake, mnakaa meza jirani. Unamwandikia nini?

Ujumbe wa kwanza: mfupi, siku ileile

> Mwalimu, nimepata habari za baba sasa hivi. Pole sana. Tuko pamoja. Vipindi vyako wiki hii nitavishika mimi. Usihangaike kujibu, safiri salama.

Ni maneno 21, herufi 143 ukihesabu nafasi na vituo. Hesabu hii ina maana yake. SMS moja ya kawaida hubeba herufi 160. Ukizidisha, mtandao unaikata vipande vya herufi 153 kila kimoja, na simu ya mpokeaji ndiyo inayoviunganisha. Mtandao ukiwa hafifu, kipande kimoja kinaweza kutangulia na kingine kikachelewa, na simu nyingine za vitochi huvionyesha vikiwa vimetengana. Mfiwa anapata "safiri salama" kabla ya "pole sana".

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawaujui. Ukiongeza emoji moja tu ya mikono iliyokunjwa mwishoni mwa ujumbe huo, simu inalazimika kubadili namna ya kuandika herufi zote. Nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70 kwa SMS moja, au 67 kwa kila kipande ujumbe ukikatwa. Ujumbe wetu uliokuwa SMS moja unakuwa vipande vitatu. Kama unatuma kwa SMS, acha emoji. Maneno "pole sana" yanatosha.

Kwa nini SMS na si WhatsApp? Kwa sababu ya safari. WhatsApp inahitaji bando na mtandao wa data, na mtu aliyeondoka alfajiri kwa haraka huenda hana bando, au amezima data ili chaji ifike jioni. Ukituma WhatsApp ukaona alama moja ya kijivu kwa saa nzima, ujue haijafika kwenye simu yake. Tuma SMS. Hiyo hupenya hata pale ambapo data haipo, na simu ikiwa imezimwa, SMS husubiri mtandaoni hadi iwashwe, ingawa si kwa muda usio na kikomo.

Sasa tazama kilichomo. Sentensi ya kwanza inasema umejua, kwa hiyo mfiwa ameondolewa kazi ya kukutaarifu. Inatumia "baba", si "marehemu baba yako". Neno marehemu ni la heshima na litakuja lenyewe kwenye ibada na kwenye tangazo, lakini kwa mtoto ambaye saa tatu zilizopita alikuwa na baba, kulisoma kwenye simu ni kama kusukumwa. Mpe siku moja au mbili.

Sentensi ya vipindi ndiyo yenye joto, ingawa haina neno lolote la huzuni. Ilinganishe na ile tuliyoizoea, "ukihitaji chochote niambie". Hiyo inamrudishia mfiwa kazi: afikirie anahitaji nini, apime kama ni halali kukuomba, kisha akuandikie. Hakuna afanyaye hivyo. Anayesoma "vipindi vyako nitavishika mimi" ana jambo moja pungufu la kuwaza ndani ya basi. Kama hufundishi, tafuta linalolingana nalo: zamu ya usiku hospitalini, ripoti ya mwisho wa mwezi, funguo za stoo, mteja aliyekuwa aje Ijumaa. Ahidi kile tu ulicho na uwezo nacho. Ahadi ya vipindi ikivunjwa, akirudi atakuta darasa limekaa wiki nzima bila mwalimu, na hapo heri ungeandika pole tupu.

Na "usihangaike kujibu" isiachwe. Mfiwa kwetu hupokea ujumbe kutoka kwa ukoo, kanisani, kikundi cha kuweka na kukopa, majirani na wanafunzi wa zamani. Ukimwondolea deni la jibu umempa zawadi.

Usichoandika hapa: "Imekuwaje?", "Alikuwa anaumwa nini?", "Mazishi lini?" Maswali hayo yana majibu, lakini yatafute kwa ndugu yake au kwa mkuu wa shule. Usianze pia na "Habari za leo?" kana kwamba hujui kilichotokea. Isipokuwa mfiwa ni mtu mzima kwako. Hapo "Shikamoo mama" au "Shikamoo baba" inatangulia, kisha moja kwa moja "pole sana na msiba". Kumnyima mkubwa shikamoo kwa sababu ya haraka ya pole hakumwongezei faraja.

Ujumbe wa pili: mrefu kidogo, siku moja au mbili baada ya mazishi

> Mwalimu, pole tena. Najua mmempumzisha mzee jana na leo watu wameanza kuondoka. Sikubahatika kumfahamu sana, ila siku ile alipokuja shuleni na mfuko wa maparachichi, akakataa kuondoka hadi kila mwalimu achukue, nilijua ulikoitoa tabia yako ya kutokula peke yako. Raha ya milele umpe, ee Bwana. Mama mfikishie pole zangu. Kidato cha Pili nimewafikisha kwenye milinganyo, na daftari la maandalizi liko mezani kwako.

Huu ni wa WhatsApp. Una maneno sitini na kidogo, na unasomeka bila kugusa kioo kuteremsha. Hicho ndicho kipimo chetu cha urefu: mfiwa aone mwanzo na mwisho kwa pamoja. Ukipita maneno 80 hivi, kwenye simu nyingi ujumbe unaanza kushuka chini ya kioo, na mtu aliyechoka husoma mstari wa kwanza akaacha mengine kwa baadaye ambayo haiji.

Sababu ya kungoja ni hii. Kabla ya mazishi nyumba imejaa. Kuna jeneza, kuna wageni wa kulaza, kuna nani atapika na nani atakwenda kupokea watu stendi. Hata ujumbe mzuri namna gani unapita kama gari la haraka. Watu wakishaondoka na turubai likashushwa, ndipo nyumba inapokuwa kimya na simu inapokuwa kimya pia. Ujumbe unaofika hapo husomwa mara mbili. Kwa Waislamu saa huenda haraka zaidi, kwa kuwa maziko hufanyika mapema, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake. Kwa hiyo ujumbe wa pili unaweza kufika siku ya tatu wakati kwa familia nyingine ndiyo kwanza wanachimba kaburi.

Uzito wa ujumbe huu wote umekaa kwenye mfuko wa maparachichi. Jambo moja lililoonekana kwa macho, lililosemwa kwa sentensi moja, linamzidi "alikuwa mtu mwema, mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu", ambayo inamfaa kila marehemu. Kama hukumwona mzee hata siku moja, usimpambe. Sema alichokuwa akikisimulia mwanaye: "Ulivyokuwa ukituambia kwamba ndiye aliyekufundisha kuhesabu kwa punje za mahindi, nilikuwa natamani kumwona." Kama hata hilo hulijui, andika "Sikubahatika kumfahamu baba" na uendelee na pole. Ukweli huo haumkoseshi adabu yeyote. Kinachoumiza ni sifa ya kubuni, kwa sababu mtoto ndiye anayemjua baba yake kuliko wewe na ataiona mara moja.

Tazama pia mzazi aliyebaki. "Mama mfikishie pole zangu" ni maneno manne, na kwa Nyanda za Juu Kusini, kama kwingine nchini, kumsahau mjane au mgane ni kasoro inayokumbukwa. Ndiyo maana pia kuna tofauti ya "pole" na "poleni". Kwa ujumbe binafsi anza na "pole", iwe yake peke yake. "Poleni" iwe ya familia nzima, na ikae kwenye kadi au kwenye kundi. Ukimwandikia rafiki yako "poleni na msiba" unakuwa umesimama mlangoni ukiwasalimu wote waliomo ndani, yeye hujamshika mkono.

Kwa haraka, hizi ndizo tofauti zake:

| | Mfupi | Mrefu kidogo |
|---|---|---|
| Lini | Ndani ya saa chache za kupata habari | Siku 1 au 2 baada ya mazishi |
| Njia | SMS | WhatsApp, au kadi |
| Urefu | Herufi 160, si zaidi | Maneno 60 hadi 80 |
| Kinacholeta joto | Mzigo mmoja unaomwondolea | Kumbukumbu moja ya mzazi |
| Hatari yake | Kuonekana wa kunakili | Kugeuka hotuba |

Ukiwa na nafasi ya kutuma mmoja tu, uchague kwa ukaribu wenu. Mtu wa idara nyingine ambaye mnasalimiana kwenye ngazi anatosheka na mfupi, na huo mrefu kwake utaonekana kama unajipendekeza. Wa meza jirani anastahili yote miwili. Kama ni mmoja tu kwake, afadhali ule wa baada ya mazishi, mradi siku ya kwanza umempigia simu au umefika nyumbani kwake kabla hajasafiri.

Sentensi ya imani: badilisha hiyo tu

Katika mfano wetu "Raha ya milele umpe, ee Bwana" imekaa vizuri kwa kuwa ni sala ya Kikatoliki na mfiwa anajua kuiitikia. Usiipeleke kwa kila mtu. Mbeya, Rungwe na Njombe zina Wamoravian, Walutheri na makanisa mengi ya kipentekoste, na wengi wao hawamwombei aliyekwisha kufa, wanawaombea waliobaki. Kwao "Mungu amlaze mahali pema peponi" huvumiliwa kwa mazoea, lakini "Mungu awafariji, awape nguvu" ndiyo inayopokelewa kwa moyo.

Kwa Mwislamu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" huja mapema kwenye ujumbe, na baadaye "Allah amrehemu mzee". Hapa hesabu ya herufi inarudi. Ukiiweka Inna lillahi mahali pa "Tuko pamoja" kwenye ule ujumbe mfupi, jumla inafika 166, yaani SMS mbili. Ondoa maneno "sasa hivi" na unashuka hadi 156. Usiikatekate hiyo kauli wala kuifupisha kwa herufi za kwanza ili iingie. Kata maneno yako.

"Bwana alitoa na Bwana ametwaa" tuna neno nalo. Kwenye Biblia, aliyeyasema hayo ni Ayubu mwenyewe, juu ya msiba wake mwenyewe. Mfiwa akiyasema, yana nguvu. Mtu wa pembeni akimwandikia mfiwa saa ya kwanza, yanaweza kusikika kama amri ya kuacha kulia. Ngoja ayatangulize yeye, nawe uitikie. Kama hujui dini yake kabisa, acha sentensi hiyo. Ujumbe mfupi hapo juu haukuwa nayo, na haukupungukiwa.

Kundi la kazini ni jambo jingine

Ujumbe wa kwenye kundi la WhatsApp la kazini haumfariji mfiwa. Kazi yake ni kuwapanga wengine. Ndiyo maana tunashauri uandikwe na mtu mmoja, mkuu au katibu wa ustawi, na uwe mkavu kidogo:

> Walimu wenzangu, mwenzetu wa Hesabu ameondokewa na baba yake mzazi leo alfajiri huko Ludewa. Mazishi ni Alhamisi, kijijini kwao. Kosta itaondoka shuleni Jumatano saa 11 alfajiri. Rambirambi apewe mweka hazina hadi kesho saa 10 jioni. Tunampa pole mwenzetu na familia yake.

Maneno "baba yake mzazi" si ya mapambo. Kwetu baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na habari ikipita midomo mitatu haijulikani tena ni nani. Kiutawala pia kuna tofauti: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo akifiwa na mzazi, na orodha yake inataja mzazi, mwenzi, mtoto, babu au bibi, mjukuu na ndugu wa kuzaliwa. Baba mdogo hayumo. Kwa hiyo hakikisha kabla ya kutangaza, na kama huna hakika kwenye ujumbe wako binafsi, andika "mzee", linafaa kwa wote.

Likija tangazo hilo, kundi huporomoka kwa "RIP", "Pole sana", "So sad" na mikono iliyokunjwa arobaini. Tatizo lake ni kwamba saa ya kosta inazama chini, watu wanaanza kuuliza "tunaondoka saa ngapi?" na wengine wanaachwa. Tangazo lenye saa libandikwe juu ya kundi. Pole yako ipeleke kwake binafsi. Na kabla ya kunakili ujumbe wa msiba uliopita, soma kila neno: Kiswahili hakibagui mume na mke katika "amlaze" wala "marehemu", kwa hiyo kosa lote hujificha kwenye neno moja, "mama" lililobaki pale ambapo sasa ni "baba". Hilo likitokea hadharani, ufute na uandike upya bila maelezo marefu.

Rambirambi kwa simu

Fedha ikitumwa moja kwa moja kwa mfiwa, tanguliza pole, hata kwa dakika tano. Ujumbe wa muamala ukifika kwanza, anachoona ni jina lako na kiasi, kama malipo ya deni. Ukishatuma, sentensi moja inatosha: "Nimetuma kidogo, na ya kutolea." Kiasi usikitaje, anakiona. Ya kutolea uiongeze kweli, kwa sababu kijijini atatoa kwa wakala na makato ni yake. Na kama mnachanga kazini, usitume tena pembeni halafu ukautaja mchango wako kwenye kundi.

Ukichelewa

Hutokea ukapata habari baada ya wiki tatu, mfiwa amesharudi kazini na siku zake 4 zimekwisha zamani, nyingine zikiwa zimeliwa na barabara ya Ludewa. Usimwandikie ule wa siku ya kwanza, muda wake umepita. Wala usijaze mistari ya kuomba radhi, maana atalazimika kukufariji wewe. Uombe radhi kwa kifungu kimoja, kisha uende kwenye ule wa pili:

> Mwalimu, nimechelewa kupata habari za mzee, nisamehe. Pole sana. Bado nakumbuka maparachichi yake. Jumamosi nitapita nyumbani kukuona, nusu saa tu.

Halafu Jumamosi upite kweli, na ukae nusu saa.